Wino Haujaisha, Umekauka

Shule zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, printa ya ofisi ya taaluma hufunikwa kitambaa na kuachwa mezani. Mwezi mzima haiguswi. Januari walimu wanarudi, mmoja anaiwasha ili atoe ratiba ya vipindi, na karatasi inatoka nyeupe, au inatoka na maandishi yaliyokatwakatwa kwa mistari ya kulala. Kwenye kompyuta, kipimo cha wino kinaonyesha kwamba katriji bado ina zaidi ya nusu. Hapo mtu huamua kwamba printa imekufa, au kwamba duka lilimuuzia mali feki. Mara nyingi si hili wala lile. Wino umo ndani, ila umekauka pale unapotokea, na katriji nyingi hutupwa kwa sababu hiyo zikiwa bado na uhai.

Wino wa printa, kwa sehemu kubwa, ni maji. Ndani ya maji hayo mna rangi, mna gliserini au glikoli inayochelewesha maji yasipotee haraka, mna kemikali inayoufanya wino upenye karatasi kwa kadiri inayotakiwa, na dawa kidogo ya kuzuia ukungu. Wino hutoka kupitia matundu ambayo kila moja lina upana wa takribani mikroni 20, chini ya theluthi ya unene wa unywele. Kichwa kimoja cha kuchapia kina mamia ya matundu ya namna hiyo, na kila tundu liko wazi kwa hewa ya chumba.

Printa isipofanya kazi, maji yaliyo kwenye mdomo wa tundu huanza kupotea hewani. Rangi na gliserini haziondoki pamoja nayo. Hubaki na kuwa nzito, kisha hushika na kuziba. Ni kama uji uliopoa bakulini, juu umeweka utando na chini bado ni wa kumiminika. Kipimo cha kwenye skrini hakiwezi kukuambia hayo, kwa sababu katika printa nyingi ndogo hakiuoni wino wenyewe. Huhesabu matone yaliyokwishatoka na kukisia kilichobaki. Ndiyo maana kinaweza kusema nusu ilhali karatasi inatoka nyeupe.

Aina ya wino nayo ina uzito wake. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa majini, kama sukari inavyopotea ndani ya maji, na kuna wino ambao rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea. Katika katriji ndogo za HP, kwa mfano namba 652 inayouzwa sana kwetu, nyeusi ni ya chembe na zile rangi tatu ni za kuyeyuka. Wino wa kuyeyuka ukikauka, maji kidogo huweza kuulainisha tena. Wa chembe ukikauka, chembe hugandana na kuwa ngumu kurudi hali ya mwanzo. Faida yake ni kwamba maandishi yake hayachuruziki ovyo yakipatwa na maji, wakati cheti kilichochapwa kwa wino wa kuyeyuka huharibika kwa tone moja la mvua.

Kabla hujagusa chochote, jua kichwa cha kuchapia cha printa yako kiko wapi. Kwenye HP na Canon nyingi ndogo, kichwa kimejengwa ndani ya katriji yenyewe. Ni kile kibamba cha rangi ya shaba kilicho chini yake. Ndani yake mna vihita vidogo. Kila kihita hupashwa moto zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi kuliko sekunde yenyewe inavyoweza kugawanywa kwa jicho, wino ulio mbele yake unatoa povu la mvuke, na povu hilo husukuma tone nje. Katriji kama hiyo ikifa, umepoteza katriji tu. Ukinunua nyingine, umenunua na kichwa kipya. Epson hutumia njia nyingine. Kichwa chake kimefungwa ndani ya printa na hakina vihita. Kina kioo maalumu kinachojikunja umeme unapopita, na mkunjo huo ndio unaosukuma tone. Kichwa hicho kikiziba kabisa, gharama ya kukibadilisha hukaribia bei ya printa nzima. Kwa hiyo mwenye Epson ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa ukavu.

Watengenezaji wanalijua tatizo hili, na wameweka kinga ambayo wengi wetu tunaivunja kila siku bila kujua. Ukizima printa kwa kitufe chake, utasikia ikijisogeza kwa sekunde chache kabla ya kunyamaza. Hapo inakipeleka kichwa pembeni, upande wa kulia kwa kawaida, na kukikalisha juu ya kifuniko cha mpira kinachozuia hewa. Ukizima kwa swichi ya ukutani au ukichomoa ekstensheni, safari hiyo haifanyiki. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki palipo, matundu wazi, na katika chumba chenye feni siku chache zinatosha kuleta mistari. Umeme ukirudi, iwashe printa, iache imalize milio yake, kisha uizime kwa kitufe. Ni jambo dogo, lakini katika sababu zote za wino kukauka maofisini mwetu, hili ndilo ninaloona likipuuzwa kuliko mengine.

Wino ukishakauka, tiba inategemea ulichonacho. Kwa katriji yenye kichwa chake, itoe, chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi au karatasi laini ya kufutia, ilowanishe kwa maji ya vuguvugu, afadhali maji yaliyosafishwa yale yanayotiwa kwenye betri, kisha ikalishe katriji juu yake, kibamba kikiwa chini, kwa dakika mbili au tatu. Usisugue. Ukiinua na kuona alama ya wino imejichora vizuri kwenye kitambaa, matundu yamefunguka. Kwa ile ya rangi tatu unatakiwa kuona michirizi mitatu iliyotengana. Ukiona miwili, rangi moja bado imeziba au imekwisha. Kausha viunganishi vya umeme kabla ya kuirudisha.

Kwa Epson huwezi kukitoa kichwa, kwa hiyo unatumia usafishaji wa printa yenyewe. Chapisha kwanza ukurasa wa Nozzle Check uone mistari gani imekatika, kisha endesha Head Cleaning mara moja na kuangalia tena. Watu hukosea kwa kurudia mara kumi mfululizo. Kila usafishaji hunyonya wino na kuumwaga kwenye sponji la taka lililo chini ya printa. Sponji hilo likifikia kikomo printa hugoma kabisa mpaka fundi alibadilishe na kurudisha hesabu yake. Maelekezo ya Epson kwa printa za tangi kama L3110 ni kwamba ukirudia mara tatu bila nafuu, iache printa ipumzike saa 12 au zaidi, kisha ujaribu tena. Muda huo si wa bure: wino ulioganda hulainika, na mapovu ya hewa yaliyonaswa kwenye njia hupanda na kuondoka.

Katriji ambayo haijafunguliwa hudumu zaidi, lakini si milele. Zile za Epson hufungwa ndani ya mfuko ulionyonywa hewa ili wino usinywe hewa na kutengeneza mapovu, na kampuni hiyo inashauri katriji ikishafunguliwa itumike ndani ya miezi 6. Soma tarehe iliyo kwenye boksi kabla ya kulipa, hasa panapokuwa na punguzo kubwa, kwa sababu mara nyingi punguzo hilo ndilo linaloondoa mzigo uliokaa rafuni. Ukiwa na akiba, usibandue ule utepe wa plastiki unaofunika matundu, na usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Kwenye friji haipaswi kwenda pia.

Sasa tona. Tona haiwezi kukauka, kwa sababu ni kavu tangu kiwandani. Ni unga laini wa plastiki uliochanganywa na masizi meusi na nta kidogo, chembe zake zikiwa na upana wa mikroni 5 hadi 10. Njia hiyo ya kuchapa bila wino ilianza na Mmarekani Chester Carlson, ambaye tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo cha Astoria mjini New York, alifaulu kuhamisha maandishi kwa kutumia umeme tuli na unga mkavu. Printa ya leza ya leo inafuata wazo lilelile. Dramu inachajiwa umeme tuli, mwanga wa leza unachora maandishi juu yake, unga unang'ang'ania palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, kisha unapita katikati ya rola za fyuza zenye moto unaokaribia nyuzi 200 na kuyeyuka hapo. Karatasi hutoka ikiwa na joto kwa sababu hiyo.

Iache printa ya leza kabatini miezi 3, kisha iwashe, na ukurasa wa kwanza utakuwa sawa na ule wa mwisho. Hili peke yake lingetosha kuamua kwa ofisi nyingi zinazochapisha mara chache. Lakini tona ina maadui wake. Joto kali huufanya unga ushikane mabonge. Katriji iliyosahaulika ndani ya gari lililoegeshwa juani inaweza kuharibika kwa mchana mmoja. Unyevu wa pwani hudhoofisha chaji, na hapo maandishi yanatoka yamepauka au karatasi nzima inakuwa na vumbi la kijivu. Dramu, ile silinda ya kijani au bluu inayong'aa, haipendi mwanga. Ukiiacha wazi juani hata kwa dakika chache, inaweza kuanza kutoa vivuli visivyofutika. Iweke katriji ndani ya mfuko wake mweusi, ikiwa imelala, na kabla ya kuitumia itikise taratibu kwa kuiyumbisha kushoto na kulia mara tano au sita.

Hapa ndipo mafundi wa kujaza wanapoingia, na kazi yao inahitaji kueleweka. Chukua katriji ya HP 85A, iliyotapakaa kwenye steshenari za kwetu kwa ajili ya printa ndogo ya P1102. Ndani ya boksi hilo la plastiki hamna unga peke yake. Mna dramu, mna rola ya kuichaji, mna rola ya sumaku inayobeba unga, mna bledi ya kukwangua unga uliobaki kwenye dramu, na mna chumba cha taka unakoangukia unga uliokwanguliwa. Fundi mwenye haraka hutoboa tundu kwa chuma cha moto, akamimina unga, akaziba kwa utepe. Dakika tano amemaliza. Chumba cha taka hajakigusa, bledi ile ile, dramu ile ile. Mara ya kwanza utaona kazi nzuri. Mara ya pili au ya tatu chumba cha taka kinajaa, unga unamwagika ndani ya printa, na karatasi zinatoka na michirizi myeusi ya wima.

Fundi anayeifanya kazi ipasavyo huifungua katriji kwa kutoa pini zake, humwaga taka, hufuta rola, hukagua dramu na kuibadilisha ikiwa imechakaa, kisha hutia unga unaolingana na modeli hiyo. Unga haufanani. Kila mashine imepangiwa chaji yake na kiwango chake cha kuyeyuka. Ukitia unga unaotaka joto zaidi ya linalotolewa na fyuza, maandishi hutoka safi lakini ukiyapangusa kwa kidole yanabanduka. Jaribio hilo lifanye hapohapo mbele ya fundi.

Kuna jaribio jingine linalohitaji rula tu. Ukiona doa linalojirudia kwenye ukurasa, pima umbali kutoka doa moja hadi lingine. Dramu ya katriji ndogo kama 85A ina kipenyo cha milimita 24, kwa hiyo inazunguka mara moja kila milimita 75 hivi. Madoa yakiachana kwa milimita 75, dramu ina mkwaruzo, na kujaza unga mpya hakutasaidia kitu. Ukimwambia fundi, "Fundi, doa linarudi kila sentimita saba na nusu, naomba unibadilishie dramu," mazungumzo ya bei yanabadilika papo hapo.

Kujaza wino kwenye katriji ndogo kuna mipaka mikali zaidi. Ndani yake mna sponji, na wino husindikwa polepole kwa sindano, ukizidisha, huvuja. Kuna sababu mbili zinazoifanya katriji ife hata baada ya kujazwa vizuri. Ya kwanza ni kuchelewa. Ukiendelea kuchapisha ikiwa tupu, vihita vinapashwa moto bila wino wa kuvipoza na vinaungua, kwa hiyo ijaze mara maandishi yanapoanza kupauka. Ya pili ni wino usiofaa. Wino uliotengenezwa kwa ajili ya Epson hauna haja ya kuvumilia moto. Ukiutia kwenye katriji ya vihita huacha ukoko juu yake, na baada ya muda povu halitokei tena. Chupa iliyoandikwa kwamba inafaa printa zote usiitie kwenye kitu unachokihitaji kesho.

Watu huniuliza kama vifaa visivyo vya kampuni ni vibaya. Swali linachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani. Orijino ni ya mwenye printa. Mbadala ni mpya, imetengenezwa na kiwanda kingine, vingi vikiwa Zhuhai nchini China, na boksi lake linasema wazi kwamba imeundwa kufaa modeli fulani. Feki ni ile iliyovaa boksi na muhuri wa orijino wakati si yake. Mbadala ni biashara halali na mara nyingi ni chaguo la busara. Feki ni wizi, na ubaya wake ni kwamba unalipa bei inayokaribia ya orijino kwa katriji ambayo huenda ni kuukuu iliyotobolewa na kujazwa. Orijino ya HP inayouzwa kwa nusu ya bei ya maduka mengine, basi uwezekano mkubwa si orijino.

Mbadala wa tona nauamini kwa kazi za kila siku, barua, mitihani na fomu, kwa sharti kwamba muuzaji anatoa dhamana na anakubali kuirudisha. Mbadala wa wino nauamini kidogo zaidi ya kujaza na kidogo kuliko orijino, na kwa picha au vyeti vya rangi ningelipia orijino. Pia kuna suala la chipu. Katriji nyingi zina kipande cha elektroniki kinachoitambulisha kwa printa, na kampuni inaweza kubadilisha masharti kupitia masasisho ya programu. Tarehe 13 Septemba 2016 wamiliki wengi wa printa za HP za familia ya OfficeJet waliamka na kukuta katriji mbadala zilizokuwa zikifanya kazi zimekataliwa. Malalamiko yalipokuwa makubwa, kampuni iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri na ikatoa sasisho la kuondoa kizuizi hicho kwenye printa hizo. Utaratibu wenyewe haukufutwa kwenye modeli zilizofuata. Ukinunua printa mpya, soma boksi; zile zilizokusudiwa kukubali katriji za chipu ya HP tu huandikwa hivyo, na hapo hesabu yako ya mbadala haipo.

Turudi kwenye hesabu yenyewe, kwa shule inayochapisha kurasa 160 kwa mwezi katika miezi 10 ya masomo, yaani kurasa 1,600 kwa mwaka. Namba za kurasa zilizo kwenye maboksi hupimwa kwa ukurasa wa maandishi machache, unaofunikwa kwa takribani asilimia 5 tu, kwa hiyo mtihani wenye michoro utakula zaidi. Katriji nyeusi ya HP 652 ni ya kurasa 360, 85A ni ya kurasa 1,600, na chupa nyeusi ya Epson namba 103 yenye mililita 65 ni ya kurasa 4,500. Gawa bei kwa kurasa. Kwa bei za mfano tu, katriji ya wino ya shilingi 45,000 inatoa ukurasa kwa shilingi 125. Tona mbadala ya shilingi 40,000 inatoa ukurasa kwa shilingi 25. Chupa ya shilingi 30,000 inatoa ukurasa kwa chini ya shilingi 7. Weka bei za mtaani kwenu, uone.

Chupa inaonekana kushinda, na kwa steshenari inayochapisha kila siku inashinda kweli. Lakini kwa shule hii, ile miezi miwili ya likizo ndiyo inayoamua. Printa ya tangi ikiachwa bila mtu wa kuichapisha walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, akiba yote ya mwaka inaweza kuishia kwa fundi wa kichwa. Leza yenye tona mbadala ni ghali zaidi kwa ukurasa na haihitaji mlezi. Shule hiyo ningeishauri inunue leza, na rangi ikapige steshenari siku inapohitajika.

Ukienda dukani, nenda na jina kamili la printa lililoandikwa mbele au nyuma yake, wala si kauli ya "ile ndogo nyeusi". Ikiwezekana nenda na printa yenyewe, itiwe katriji na kuchapisha kurasa kadhaa mbele yako: pangusa maandishi kwa kidole, tafuta doa linalojirudia, angalia pembeni kama kuna kijivu. Kisha omba muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti, kwa maandishi, kabla hujatoa pesa. Muuzaji anayekataa kuandika, mwachie tona yake.